Usichague vijiji kama unachezesha bahati nasibu

Kama unafanya savei ya kaya na vijiji vimetawanyika, kimoja kina kaya 1200 kingine 60, usitie majina yote kwenye kopo uchomoe tu, maana ukihoji kaya 20 kila kijiji wale wa kijiji kidogo wanakuwa na nafasi mara 20 zaidi. Fanya hivi: andika idadi ya kaya kila kijiji huku ukijumlisha kwenda chini. Mfano A 1200, B 60 (jumla 1260), C 340 (1600), D 800 (2400). Unataka klasta 4, yaani makundi manne ya kaya 20 za kuhoji, basi 2400 gawanya 4, hatua ni 600. Chagua namba ya kuanzia kati ya 1 na 600 bila kupendelea, tuseme 250, halafu ongeza 600 kila mara: 250, 850, 1450, 2050. A imeguswa mara mbili, na hapo wengi huwa wanaifuta moja, usifute bwana, A inapata klasta mbili, kaya 40. Kila kaya sasa ina nafasi 1 kwa 30, yaani kila uliyoihoji inawakilisha kaya 30, huo ndio uzito wake.

Ila ukifika D ukahesabu ukakuta kaya 1000 sio 800, zake zipe uzito 37.5 badala ya 30.