Jamu ya stroberi: sahani baridi ndio itakuambia

Stroberi zikijaa Marikiti mtu ananunua zile laini za bei ya kutupa, jioni anapika, kesho yake anafungua chupa anakuta sharubati. Mimi pia nimepitia hiyo. Kinachoshikisha jamu ni pektini, na tunda likiiva kupita kiasi pektini yake inaisha nguvu, na stroberi hata ikiwa freshi haina nyingi. So kwa kilo 2, kama nusu kilo iwe zile bado ziko na weupe karibu na kikonyo, zingine nyekundu lakini hazijalegea.

Pika matunda na juisi ya ndimu 3 kwa moto mdogo bila maji mpaka yalainike, ndio uweke sukari kilo 1 na nusu. Koroga hadi iyeyuke yote kabla haijachemka, la sivyo utakuja kupata chembe kama mchanga ndani ya jamu. Hapo sasa washa moto mkali, na sufuria iwe kubwa maana itapanda kama maziwa.

Wengi hukuambia ungoje digrii 105. Hiyo ni ya Mombasa! Huku Nairobi tuko juu, maji yenyewe yanachemka kwa kama digrii 94, kwa hivyo jamu inakuwa tayari kwa kama 99, na ukingoja 105 utapata tofi nyeusi. Ndio maana hata sijanunua themometa.

Angalia povu. Mwanzo ni jepesi na jeupe, baadaye linapungua, yanabaki mapovu makubwa mazito yanang'aa, yanapasuka polepole. Hapo ZIMA MOTO kwanza, usipime huku inaendelea kuiva. Toa kisosa ulichoweka friza mapema, dondosha kijiko kidogo cha jamu, ngoja dakika moja halafu isukume na kidole. Ikikunjamana juu kama utando wa chai ya maziwa iliyopoa, imeiva. Ikikimbia na kujaza njia ya kidole, rudisha motoni dakika 2 au 3 upime tena na kisosa kingine, kile cha kwanza kishapata joto kitakudanganya.

Kama uko na mizani kuna njia ingine. Pima sufuria ikiwa tupu, na jamu ikikaribia ipime tena. Sukari kilo 1 na nusu inafaa kutoa jamu ya karibu kilo 2 na nusu, ukitoa uzito wa sufuria. Ikiwa bado ni kilo 3, maji ni mengi.

Jaza chupa zilizochemshwa, jamu ikiwa bado moto na chupa pia moto. Ikionekana nyepesi usiku usikimbilie kuirudisha jikoni, iache hadi kesho, kuna zingine huchukua siku nzima kushika. Ikikataa kabisa, ongeza ndimu moja, chemsha kidogo, na urudi kwa kisosa.