Kabla hujamwandikia muuzaji wa jumla akupunguzie bei

Angalia kwanza daftari lako. Kama unadaiwa, lipa, ombi lingoje. Hesabu umechukua mzigo kiasi gani kwa miezi sita na umechelewesha malipo mara ngapi, maana mwenzio anavyo hivyo vyote kwenye daftari lake.

Chagua jambo moja: bei au muda wa kulipa. Ukiomba vyote kwa pamoja atakupa kile kinachomgharimu kidogo. Mzigo ukiisha dukani ndani ya siku kumi, omba bei. Kama wateja wako ni mafundi wanaokulipa mwisho wa mwezi, omba muda.

Sasa hili la kulinganisha bei, lisome mara mbili. Nina duka la vifaa vya ujenzi. Saruji nilikuwa naletewa mlangoni kwa shilingi 15,800 mfuko, mali kauli ya siku 14. Siku moja muuzaji mwingine akanipa profoma ya 13,600. Damu ikachemka. Nikaipiga picha, nikamtumia yule wa zamani saa nne usiku: "Kumbe mmekuwa mnanikamua!"

Asubuhi akanijibu kwa upole uliouma: "Kaka, soma chini." Chini, kwa maandishi madogo, paliandikwa kwamba bei haina kodi ya ongezeko la thamani, na mzigo unachukuliwa ghalani. Weka asilimia 18, ni 16,048. Weka Fuso, kama 600 kwa mfuko, unafika 16,648. Aliyekuwa ghali ni yule niliyemshabikia. Kibaya zaidi, hao wawili walikuwa wanafahamiana, na profoma ya mtu nikawa nimeitembeza. Mzigo uliofuata nikaambiwa nilipe kwanza. Siku 14 zangu nilizipata tena baada ya miezi mitano.

Kwa hiyo linganisha bei ya mfuko ukiwa umeshushwa dukani, kodi ndani. Na jina la mshindani usilitaje.

Nikaja kuandika hivi, baada ya kumpigia simu kumwambia kuna meseji inakuja:

"Habari za kazi, kaka. Mzigo wa jana umefika wote, asante. Tangu Januari nachukua mifuko 200 kila mwezi na sijavusha siku 14. Naomba tufike siku 30, zihesabiwe tangu mzigo unapofika, bei ibaki ileile. Kama 30 ni nzito, niambie unaweza ngapi. Naagiza tena tarehe 10."

Alinipa 21. Nikamwandikia kuthibitisha siku, bei na mzigo wa kuanzia, kwa sababu karani wake ndiye anayedai, na yeye hakuwepo tulipoongea.

Meseji mtumie yeye peke yake, si kwenye kundi. Usitishie kuhama kama hujapata pa kuhamia. Usiandike usiku. Na siku ya kuomba isiwe siku saruji imeadimika mjini.