Kabla hujakaa kwenye kiti kuweka dawa

Watu wengi wakiungua kichwani hulaumu dawa ya kulainisha nywele, lakini mimi naanza kuuliza jana yake walifanya nini. Mteja wangu mmoja alifumua misuko Ijumaa usiku, akajikuna wee kwa kitana cha mkia, akaosha nywele kwa shampuu ili aje saluni akiwa safi. Jumamosi asubuhi nikampaka dawa. Dakika ya nane akaniambia, "Dada, huku nyuma panawasha." Nikamjibu avumilie kidogo, nywele bado hazijalainika. Lile lilikuwa kosa langu, na nalisema kwa sababu bado nalisikia kwenye saluni nyingi: vumilia kidogo.

Dawa ya kulainisha nywele ina alkali kali, pH yake ni kama 12 hadi 14. Inafungua viungo vinavyoupa unywele umbo lake, na haichagui kati ya unywele na ngozi. Kinachokukinga ni yale mafuta ya asili yaliyoganda kichwani pamoja na ngozi isiyo na mkwaruzo. Ukiosha na kusugua kichwa jana yake, mafuta yameondoka. Ukijikuna, umeacha michubuko usiyoiona, na dawa inaingia humo moja kwa moja. Kwa hiyo kichwa kisioshwe wala kukunwa kwa siku tatu au nne kabla. Wiki nzima ni bora zaidi. Misuko ifumuliwe wiki moja au mbili mapema, maana kuvutwa nako kunaacha mashina yakiwa na vidonda. Na ukifika saluni na jasho jingi, subiri kichwa kikauke. Kama tayari una kidonda, upele au mba iliyochubuka, ahirisha tu.

Usitegemee dawa za kopo na chupa zinazochanganywa papo hapo kwa sababu zinasifiwa kuwa ni za upole. Ni kweli zinawasha kidogo kuliko zile kali za sodiamu, lakini zinaunguza vilevile zikikaa sana.

Kabla ya kupaka, mafuta ya mgando yapakwe kwenye ngozi ya kichwa kwa kugawa nywele mstari kwa mstari, kisha ukingoni mwa uso, juu ya masikio na kisogoni. Saa iwekwe mbele ya macho. Muda unaohesabiwa ni ule ulioandikwa kwenye kopo, kuanzia tone la kwanza na si tone la mwisho. Pakianza kuchoma, osha hapo hapo hata kama nywele zimelainika nusu. Nywele za nusu zitarudiwa miezi ijayo.

Sasa kukatika. Nywele hukua kama sentimita 1.25 kwa mwezi. Ukirudi baada ya wiki nne, una sentimita moja tu ya nywele mpya, na hakuna mkono unaoweza kupaka hapo bila kugusa zilizokwishalainishwa. Zile zikipata dawa mara ya pili hukatikia palepale zinapokutana mpya na za zamani. Subiri wiki 8 hadi 12, na za zamani zipakwe mafuta mazito kabla ya dawa. Ukitaka kujua kama zinakatika au zinadondoka kawaida, okota moja uiangalie: iliyodondoka ina kijivimbe cheupe upande wa shina, iliyokatika haina kitu, tena ni fupi. Rangi isiwekwe siku moja na dawa. Acha angalau wiki mbili.

Yule mteja niliishia kumwosha dakika ya kumi na mbili. Maji ya uvuguvugu kwa muda mrefu, halafu shampuu ya kuondoa dawa, ile ambayo povu lake hubadilika rangi. Narudia mpaka povu libaki jeupe, kwa sababu dawa iliyojificha kisogoni inaendelea kula ngozi. Siki au ndimu sikupaka, asidi juu ya ngozi mbichi ni kuongeza jeraha. Draya ya moto pia hapana.

Kesho yake alikuwa na kigaga cha ukubwa wa sarafu nyuma ya sikio, nywele zimegandia. Nilimwambia asikibandue, maana kinang'oka na nywele zake. Apake mafuta ya mgando yasiyo na manukato wala mentholi, aache kusuka na kuvuta, na parasetamoli kama inauma. Kigaga kililainika chenyewe kikatoka baada ya siku tisa.

Malengelenge, usaha, homa, tezi zilizovimba shingoni au uso kufura si mambo ya saluni tena, ni ya hospitali. Dawa ikiingia jichoni, maji yanayotiririka dakika 20 kwanza, kisha hospitali siku hiyo hiyo.