Zege la kitako na nguzo: kupata idadi ya mifuko, kisha kupima kwa ndoo na toroli

Kazi ya kwanza niliyosimamia mwenyewe ilikuwa vitako sita vya nguzo za nyumba moja Mikindani, na simenti iliniishia kwenye kitako cha nne. Jumamosi jioni, maduka yamefungwa, mashimo mawili yako wazi na nondo zimesimama ndani kama miiba ya nungunungu. Mama mwenye nyumba aliniuliza swali moja tu: "Mwanangu, si ulisema umepiga hesabu?"

Nilikuwa nimepiga. Ujazo wa vitako nilioupata ulikuwa sahihi kabisa, ila niligawanya vibaya. Nitatumia namba za kazi ile ile ili uone nilipojikwaa. Uwiano ni 1:2:4, yaani simenti moja, mchanga mbili, kokoto nne. Kama mhandisi wako ameandika uwiano mwingine kwenye ramani, fuata wake.

Hatua ya 1: Pata ujazo, lakini pima shimo lenyewe

Kitako kwenye ramani kilikuwa mita 1.2 kwa 1.2, unene sentimita 30. Nguzo ni sentimita 25 kwa 25. Urefu wa nguzo unaupima kuanzia juu ya kitako hadi chini ya mkanda, kwetu ulikuwa mita 3.6. Ukianzia chini ya kitako, ule unene wa sentimita 30 utakuwa umeuhesabu mara mbili.

```
Kitako:  1.2 x 1.2 x 0.3   = 0.432   x 6 = 2.592
Nguzo:   0.25 x 0.25 x 3.6 = 0.225   x 6 = 1.350
```

Hizo ni mita za ujazo. Nondo zimo ndani, lakini nafasi zinayochukua ni ndogo, usihangaike kuitoa.

Ramani huchorwa kwenye karatasi, shimo huchimbwa kwenye mchanga. Ardhi yetu ya pwani hubomoka kingo, na shimo la mita 1.2 likilala siku mbili unalikuta na mita 1.3. Ukimwaga zege moja kwa moja kwenye udongo, kitako kile kitakula 1.3 × 1.3 × 0.3, yaani 0.507. Hiyo ni zaidi ya asilimia 17 juu ya hesabu, na hapo bado hujagusa chini palipochimbwa kwa mabonde. Basi ama funga boksi la mbao pembeni, ama upite na futi kila shimo asubuhi ya kumwaga na upige hesabu upya. Sisi tulifunga boksi, na chini tukatandika zege jepesi la sentimita 5 ili nondo zisikae kwenye udongo. Hilo jepesi lina hesabu yake, halimo humu.

Hatua ya 2: Mfuko mmoja unatoa zege kiasi gani?

Hapa ndipo nilipoanguka. Nilisema: 1 na 2 na 4 ni 7, kwa hiyo simenti ni sehemu ya saba ya 2.592, yaani 0.37. Mfuko wa kilo 50 una ujazo wa takriban lita 35, nikagawanya, nikapata kumi na nusu na ushee, nikanunua 11.

Kosa ni kudhani kwamba sehemu saba za vitu vikavu hutoa sehemu saba za zege. Chukua ndoo iliyojaa kokoto, mimina mchanga juu, utashangaa mchanga unavyozama bila ndoo kufurika, kwa sababu kati ya kokoto na kokoto kuna nafasi tupu. Mchanga unaijaza hiyo, na simenti na maji vinajaza nafasi za mchanga. Kwa hiyo lita 35 za simenti, 70 za mchanga na 140 za kokoto, jumla 245 zikiwa kavu, zikichanganywa na kushindiliwa zinarudi kama lita 160. Namba ya kukariri kwa 1:2:4 ni hiyo: mfuko mmoja, mita za ujazo 0.16 za zege.

Sasa ongeza asilimia 5 ya kumwagika na kubaki kwenye vyombo, kisha gawanya:

```
Vitako: 2.592 x 1.05 = 2.72    / 0.16 = mifuko 17
Nguzo:  1.350 x 1.05 = 1.42    / 0.16 = mifuko 9
```

Jumla 26. Ile mifuko yangu 11 ilikuwa na uwezo wa kutoa 1.76 tu, ambayo ni vitako vinne kamili. Iliishia pale pale hesabu iliposema itaishia.

Mchanga na kokoto vinafuata mifuko: 26 × 0.07 ni mita 1.82 za mchanga, 26 × 0.14 ni mita 3.64 za kokoto. Kokoto yetu ililetwa na lori kutoka upande wa Masasi, na gharama ya lori ndiyo iliyomfanya mwenye nyumba aulize kama hatuwezi kuponda mawe ya matumbawe yaliyojaa pale Mikindani. Kwa nguzo, hapana. Jiwe lile ni laini, lina vitundu, na linanyonya maji. Na mchanga wa ufukweni usiukaribishe kabisa, chumvi yake inakula nondo ndani kwa ndani mpaka zege linapasuka.

Hatua ya 3: Ipime ndoo yako

Kwa ndoo ya lita 20, mfuko mmoja unakwenda na ndoo 3½ za mchanga na ndoo 7 za kokoto. Lakini ndoo ya rangi na ndoo ya mafuta hazilingani, na nyingi ukizijaza hadi mdomoni zinapita lita 20. Chukua chupa ya maji ya lita 1.5, mimina chupa 13, ongeza nusu lita, halafu chora mstari ndani ya ndoo pale maji yalipofika. Nusu ndoo nayo ichoree mstari wake, la sivyo kila saidia fundi atakuwa na nusu yake.

Simenti usiipime kwa ndoo. Ukiimimina inavimba kwa hewa, ndoo moja leo si sawa na ndoo moja kesho. Fungua mfuko mzima kwa kila changanyo.

Hatua ya 4: Toroli

Utasikia kila saiti: "Mfuko mmoja, toroli moja ya mchanga, mbili za kokoto." Kanuni hiyo si mbaya, tatizo ni neno toroli. Nililopewa Mikindani lilichukua ndoo tatu za mchanga likikatwa usawa kwa ubao, na ndoo nne na robo likijazwa kichuguu. Lita 60 au lita 85. Kwa usawa unapata kama 1:1.7:3.4, zege zuri tu, limezidi simenti kidogo. Kwa kichuguu unapata 1:2.4:4.9, na hilo si zege la nguzo tena. Vijana asubuhi hujaza usawa. Saa sita jua likiwaka wanataka safari zipungue, vichuguu vinaota.

Dawa yake ni kumimina ndoo 3½ za mchanga ndani ya toroli likiwa mahali tambarare, ukasawazisha, na kuchora mstari wa rangi kuzunguka ndani. Toroli moja hadi mstarini ni mchanga wa mfuko, mawili ni kokoto yake. La kwetu halikufika lita 70, tukagongomelea kipande cha ubao mbele na pembeni kuinua kingo. Kama toroli lako ni bovu au limebonyea, rudi kwenye ndoo.

Hatua ya 5: Mchanga uliolowa hudanganya mara mbili

Huku kusini mvua zikianza mwishoni mwa mwaka, lundo la mchanga halikauki mpaka Aprili. Mchanga wenye unyevu mdogo huvimba: maji yanayozunguka punje yanazisukuma zisikaribiane. Ndoo inaonekana imejaa, kumbe mchanga halisi ni pungufu.

Jaza chombo chenye pande zilizonyooka mchanga huo hadi sentimita 20, utoe. Weka maji nusu, urudishe mchanga, koroga, uache utulie. Wetu ulishuka hadi 16. Tofauti ni 4, gawa kwa 16, ni asilimia 25. Kwa hiyo ndoo 3½ zikawa nne na theluthi. Ukiliacha hivyo hivyo zege linakuwa na kokoto nyingi kuliko kinachozishika, na kwenye nguzo nyembamba utaona matundu siku ya kuvua boksi.

Udanganyifu wa pili ni maji. Mfuko mmoja unahitaji kama lita 25 hadi 27 za maji. Mchanga wa mfuko mmoja ukiwa na unyevu wa asilimia 5 tayari umebeba kama lita 5, basi anza na lita 20, uongeze kidogo kidogo ukiangalia zege.

Hatua ya 6: Mwaga huku unahesabu

Vitako viwili vina ujazo wa 0.864, vinapaswa kula mifuko mitano na nusu hivi. Ukimaliza viwili, simama uhesabu mifuko mitupu. Ikiwa imetumika minne na nusu, kuna mtu anajaza vichuguu. Ikiwa saba, nenda kapime mashimo.

Kwenye nguzo hesabu ni nzuri zaidi. Ndoo ya lita 20 ndani ya nguzo ya 25 kwa 25 inapandisha zege sentimita 32. Nguzo nzima ni ndoo 11 na robo, na kwa kuwa zege ndani ya ndoo lina hewa, tegemea karibu 12. Upande mmoja wa boksi tulikuwa tunauziba mbao kwa mbao kadiri tunavyopanda, ili zege lisidondoke zaidi ya mita moja na nusu, na kila ndoo mbili zinashindiliwa kwa nondo ndefu kabla ya nyingine kuingia. Kijana mmoja alikaa na mkaa, anachora kijistari ubaoni kila ndoo inapopanda.

Nguzo ya tatu ilijaa kwenye ndoo ya kumi. Mwenzangu alifurahi, "Hii imetupunguzia." Mimi nilichukua nyundo nikagonga boksi kuanzia juu. Palikuwa na sauti nzito, nzito, kisha chini karibu na kitako, mahali ringi zimebanana, sauti ikawa kama debe tupu. Tulizamisha nondo mpaka pale, tukaichezesha huku tunagonga mbao kwa nje. Zege lilishuka mbele ya macho yetu zaidi ya nusu mita, likameza ndoo nyingine mbili kasoro kidogo.