Jinsi ya kumuuzia mfadhili simtanki la shule, kuanzia hesabu ya bati hadi taarifa ya Oktoba

Mwenye hoteli au mashamba ya chumvi Bagamoyo hupokea barua nyingi za maombi, na karibu zote zinasema jambo moja: tunaomba msaada wa mradi wa maji safi na salama kwa jamii. Mfanyabiashara haoni cha kununua katika maneno hayo. Hajui anauziwa nini, kwa bei gani, kitamfikia nani, wala siku gani atakwenda kukiona.

Tuchukue mradi mmoja tu: simtanki la kuvuna maji ya mvua katika shule ya msingi ya pwani ambako maji ya kisima yana chumvi. Idadi ya wanafunzi na bei zilizomo humu ni za mfano. Za kwenu mtazipima wenyewe, ila njia ya kukokotoa ni hii.

Hatua ya 1: Hesabu hali ya sasa kabla ya kumwandikia mtu yeyote

Mwombe mwalimu wa zamu aweke daftari kwa wiki moja, Jumatatu hadi Ijumaa, na wiki yenyewe iwe ya kiangazi. Aandike mambo matatu: wanafunzi wangapi wametumwa maji, saa waliyotoka na saa waliyorudi, na madumu mangapi yameingia. Basi. Namba hizi ndizo "kabla" yenu, na mkizikosa leo hamtazipata tena, kwa sababu simtanki likishasimama hali ya zamani imekwisha.

Msiahidi kwamba ufaulu utapanda au kuhara kutapungua. Mambo hayo yana sababu nyingi, shule haina namna ya kuyapima, na mfadhili makini atauliza mtajuaje. Ahidini kile ambacho daftari la zamu linaweza kukihesabu.

Hatua ya 2: Pima paa, kisha pata ahadi ya kweli

Hapa ndipo maandiko mengi yanapoharibika, kwa hiyo tusiende haraka.

Mvua ya milimita moja ikinyesha juu ya mita moja ya mraba inatoa lita moja. Paa la madarasa mawili lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 lina mita za mraba 160. Upana huo upimwe chini, kutoka ukingo wa bati hadi ukingo wa pili, wala si kwa kufuata mteremko. Toa asilimia 20 kwa maji yanayoruka, yanayovuja kwenye gata na yale ya mwanzo yanayomwagwa ili kuosha bati. Zinabaki lita 128 kwa kila milimita. Simtanki la lita 10,000 litajaa kwa mvua ya milimita 78 hivi. Aprili ya masika katika pwani yetu, Bagamoyo hata Tanga, kwa kawaida hupita kiasi hicho. Paa linatosha.

Sasa matumizi. Shule ina wanafunzi 420. Kila mmoja akinywa lita moja kwa siku, simtanki lililojaa linakauka ndani ya siku 24 za masomo. Aliyeandika "maji kwa wanafunzi 420 mwaka mzima" ameandika uongo bila kujua, na uongo huo utaonekana mwezi wa Julai, mfadhili akipita na kukuta koki kavu.

Badala ya kukuza tanki, punguza ahadi. Darasa la kwanza na la pili wana watoto 110, nao ndio wadogo na wanaochoka zaidi njiani. Kuanzia shule inapofunguliwa Julai hadi vuli inapotarajiwa katikati ya Oktoba ni takribani siku 75 za masomo. Mara 110, ni lita 8,250. Zinabaki lita 1,750, na mnazihitaji: maji yaliyo chini ya koki hayatoki, na vuli huchelewa.

Kwa hiyo mnachouza ni hiki: masika na vuli, wanafunzi wote 420 wanakunywa shuleni; kiangazi, watoto 110 wa darasa la kwanza na la pili wana lita moja kila siku mpaka vuli irudi. Ni ahadi ndogo kuliko ile ya mwaka mzima, lakini inaweza kukaguliwa.

Neno "salama" liandikeni iwapo tu mmepanga nani atatia dawa ya klorini na nani atainunua. Maji ya bati hupita kwenye mavi ya ndege na majani ya mwembe.

Hatua ya 3: Weka bei, pamoja na mchango wa kijiji

Chukua profoma tatu kutoka maduka tofauti. Mfano wetu: simtanki 2,100,000, kitako cha mawe na zege 850,000, gata, bomba na koki 640,000, usafiri 180,000, fundi 450,000, fungu la matengenezo 280,000. Jumla ni shilingi 4,500,000. Wanakijiji wanatoa mawe, mchanga na nguvu kazi yenye thamani ya 600,000. Mnaomba 3,900,000.

Msikiondoe kitako ili bei ionekane ndogo. Simtanki hilo likijaa lina tani kumi za maji. Likikalishwa juu ya mchanga mtupu au kitako chenye mwanya katikati, hulala upande, hunyonga bomba la koki na kupasuka shingoni mwa bomba. Fungu la matengenezo nalo lisiguswe: ndilo litakalonunua koki mpya, maana koki ya shule hufunguliwa mara mia kwa siku.

Viambatisho ni vichache: muhtasari wa mkutano wa kijiji uliokubali mchango, barua ya mwalimu mkuu kwamba simtanki litakaa eneo la shule, na profoma. Ombi lenyewe lisizidi ukurasa mmoja.

Hatua ya 4: Jiandae kwa swali la mfanyabiashara

Mtu anayeishi kwa hesabu atauliza: kwa nini msinunue maji ya madumu tu? Mkitumia lita 8,250 za kiangazi peke yake, mmeshindwa. Hizo ni madumu 413 ya lita 20; kwa shilingi 500 kila dumu ni kama 206,000 kwa mwaka, na simtanki litachukua karibu miaka 19 kurudisha fedha yake.

Jibu liko kwenye misimu ya mvua. Chukua siku 80 za masomo za masika na vuli, wanafunzi 420, lita moja kila mmoja: lita 33,600. Ongeza zile 8,250, unapata lita 41,850, sawa na madumu 2,092, yaani shilingi 1,046,000 kwa mwaka. Fedha ya mfadhili inarudi kabla ya mwaka wa nne kwisha. Hesabu hii ifanyeni nyumbani na muiweke kwenye karatasi ya akiba. Msiitoe mpaka muulizwe.

Hatua ya 5: Mazungumzo ya dakika kumi

Waende watu wawili: mwenyekiti wa kamati ya shule na mwalimu. Mmoja anasema, mwingine anashika karatasi. Maneno yanaweza kwenda hivi:

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Karibuni."

"Ahsante. Mzee, tumekuja na jambo moja. Wiki iliyopita watoto 20 walitoka darasani kila siku kufuata maji, wastani wa dakika 50 kwenda na kurudi. Daftari la zamu hili hapa. Tunataka maji ya kunywa ya darasa la kwanza na la pili, watoto 110, yawepo shuleni kuanzia Julai hadi vuli. Simtanki na kazi yake ni milioni nne na nusu. Kijiji kimetoa laki sita kwa mawe, mchanga na kazi. Tunakuomba milioni tatu na laki tisa."

Baada ya kutaja kiasi, nyamaza. Kimya kile ni kizito, na wengi hukivunja kwa kusema "au chochote utakachojaaliwa". Sentensi hiyo inafuta hesabu yote, naye hutoa laki moja ya heshima ambayo hainunui hata gata.

Akisema hana zote, msikubali nusu ya simtanki. Fungueni ukurasa wa pili: simtanki la lita 5,000 kwa darasa la kwanza peke yake. Watoto 58 kwa siku 75 ni lita 4,350. Ni mradi mdogo, ila umekamilika, na una profoma yake. Hatari ya kupokea sehemu ni tanki lililonunuliwa na kulala nyuma ya ofisi bila kitako mwaka mzima, huku jina la mfadhili limeandikwa juu yake.

Akihofia fedha taslimu, na ana haki, mwambieni alipe duka moja kwa moja. Nyinyi mtapokea mzigo na kumpelekea risiti ya mashine.

Hatua ya 6: Mwonyeshe alichonunua

Panga taarifa tatu tangu siku ya kukubaliana. Ya kwanza ni ya kazi kwisha: risiti, na picha ya kitako kabla tanki halijapandishwa, kwa sababu baadaye hakionekani. Ya pili ni ya mwisho wa Mei, tanki likiwa limejaa. Ya tatu ni ya katikati ya Oktoba.

Simtanki ni jeusi na maji hayaonekani ndani. Unganisha mpira wa uwazi kwenye tundu la chini, uusimamishe ubavuni, na uweke alama za sentimita ukutani mwa tanki. Lenye kipenyo cha mita 2.2 lina takribani lita 38 kwa kila sentimita. Watoto 110 kwa siku tano wanatumia lita 550, kwa hiyo kila Ijumaa maji yawe yameshuka sentimita 14 au 15. Yakishuka 25, ama koki inavuja ama kuna wanaofua. Yasiposhuka kabisa, watoto hawanywi. Mara nyingi ufunguo wa koki umekaa kwa mtu mmoja asiyekuwepo asubuhi.

Andikeni namba hiyo kila Ijumaa katika daftari lile lile la zamu, na wiki ile ile ya kiangazi mwaka unaofuata mwalimu ahesabu upya waliotoka kufuata maji. Tanki likikauka Septemba, mwambieni mfadhili mwezi huo huo, pamoja na sababu iliyoonekana kwenye alama za Ijumaa. Kama sababu ni kwamba darasa la tatu nao wamekuwa wakinywa, hapo hapo mna hesabu ya simtanki la pili: watoto wangapi, siku 75, lita ngapi.