Barua ya kudai pesa ya garanti iliyozuiliwa na kampuni kubwa

Ninafanya kazi ya mabomba Lubumbashi, mara nyingi chini ya kampuni kubwa ya ujenzi. Kila fakture hukatwa asilimia fulani, mara nyingi 5 au 10, na pesa hiyo hubaki kwa kampuni kama garanti hadi ihakikishwe kwamba kazi haina kasoro. Shida huanza garanti inapokwisha na pesa isirudi. Nitaeleza nilivyoandika barua yangu kwa kampuni moja iliyonizungusha karibu mwaka mzima.

Hatua ya 1: Jua ni mapokezi gani yaliyofanyika

Hapa ndipo wengi wetu tunapokwama. Kazi hupokewa mara mbili. Kuna mapokezi ya muda, kazi inapomalizika, halafu mapokezi ya mwisho, kipindi cha garanti kinapokwisha. Hati ya kila mapokezi ndiyo tunayoiita peve. Soma mkataba wako uone pesa inarudi lini: ni miezi kadhaa baada ya mapokezi ya muda, au ni baada ya peve ya mwisho kutiwa saini?

Peve yangu ya muda ilikuwa ya tarehe 14 Machi 2023, na garanti ilikuwa ya miezi 12. Kwa hiyo kipindi kilikwisha tarehe 14 Machi 2024. Lakini mkataba ulidai pia peve ya mwisho, na kampuni haikuita mtu yeyote kuja kukagua. Barua yangu ya kwanza ilidai pesa tu. Wakanijibu kwa mstari mmoja: mapokezi ya mwisho bado. Niliumia, maana aliyepaswa kuyaitisha ni wao wenyewe. Tangu hapo naomba mambo mawili katika barua moja: siku ya ukaguzi, na malipo.

Angalia pia kasoro zilizoandikwa kwenye peve ya muda. Yangu ilitaja vali moja iliyovuja ghorofa ya pili. Niliibadilisha, na msimamizi wa shantie akatia saini karatasi ya kuthibitisha. Karatasi hiyo moja iliziba mlango wao wa kutorokea.

Hatua ya 2: Hesabu kutoka kwenye fakture

Usikisie. Mkataba wangu ulikuwa wa dola 48,000, nami kichwani nilikuwa na 2,400, yaani asilimia 5. Nilipopanga fakture zote mezani nikakuta ya tano, ya kazi ya nyongeza ya dola 3,000, nayo ilikatwa 150. Deni likawa 2,550. Weka jedwali dogo lenye namba ya fakture, kiasi chake na kilichokatwa. Mhasibu wao akiweza kulilinganisha na vitabu vyake bila kukupigia simu, hana sababu ya kuliweka pembeni.

Hatua ya 3: Andika

Barua yenyewe huenda kwa Kifaransa, kwa kuwa ndiyo lugha ya mikataba yetu na ya mahakama. Maana ya yangu ilikuwa hii:

*Bwana Mkurugenzi, kazi ya mabomba ya mkataba wetu ilipokewa tarehe 14 Machi 2023, na kasoro pekee iliyotajwa ilirekebishwa (viambatisho 1 na 2). Miezi 12 ya garanti ilikwisha tarehe 14 Machi 2024. Mpaka leo, tarehe 3 Februari 2025, mnashikilia dola 2,550 kama jedwali linavyoonyesha. Tunawataka mtupangie siku ya mapokezi ya mwisho na kulipa kiasi hicho ndani ya siku 15 tangu kupokea barua hii. Barua hii ni onyo rasmi la kudai deni.*

Sentensi ya mwisho usiiache. Sheria ya Kongo ya mikataba, dekreti ya tarehe 30 Julai 1888, inasema katika kifungu cha 44 kwamba mdaiwa huhesabiwa amechelewa kwa onyo kama hilo, au kwa mkataba wenyewe ukisema hivyo. Simu na ujumbe wa kubembeleza ni rahisi kukanwa.

Wakisema «mteja hajatulipa», rudi kwenye mkataba wako. Kama haukuyafungamanisha malipo yako na malipo ya mteja wao, jibu kwa utulivu kwamba kifungu cha 33 cha dekreti hiyo kinaufanya mkataba kuwa sheria kwa waliousaini, na mteja hakusaini na wewe.

Hatua ya 4: Ipeleke

Peleka nakala mbili kwenye sekretariati yao. Moja irudi na muhuri, tarehe na jina la aliyepokea. Wakikataa kupokea, mpe wisie, afisa wa mahakama anayefikisha barua rasmi, aipeleke. Siku 15 zikipita kimya, nakala hiyo ndiyo utakayoambatisha ukienda mahakama ya biashara kuomba amri ya kulipa chini ya sheria za OHADA, sheria za biashara zinazotumiwa na nchi kadhaa za Afrika pamoja na Kongo, ambazo hutaka deni liwe la hakika, lenye kiasi kinachojulikana, na ambalo muda wake wa kulipwa umefika. Ndiyo maana tulihangaika na peve na jedwali.

Mimi waliniita kukagua siku ya kumi na moja, peve ikatiwa saini, wakatoa dola 1,400 kwanza. Risiti waliyoniletea ilisema nimelipwa deni lote. Niliikata kwa kalamu, nikaandika: «Malipo ya sehemu, bado 1,150», ndipo nikatia saini.