Somo: Kumsaidia kijana mwerevu apange kudurusu, badala ya kusubiri usiku wa kuamkia mtihani

Somo hili linamhusu mzazi, mwalimu au mnasihi anayemsimamia kijana ambaye darasani hujibu maswali magumu bila shida, lakini hupoteza madaftari, huahirisha kazi na hufika kwenye mtihani akiwa hajadurusu. Kuelewa somo ni uwezo mmoja, na kujisimamia ili kazi ianze na kuisha kwa wakati wake ni uwezo mwingine, unaotegemea sana sehemu ya mbele ya ubongo, ambayo huendelea kukomaa hadi mtu anapofikia miaka ya ishirini na kitu. Kwa kijana mwerevu upungufu huu huchelewa kujitokeza, kwa sababu katika madarasa ya chini alifaulu kwa kusikiliza tu, na kwa hiyo hakuwahi kulazimika kujifunza namna ya kudurusu.

Hatua ya 1: Wekeni kikao cha kila wiki

Kikao kiwe cha dakika 30, siku ileile na saa ileile, na kijana mwenyewe ndiye ashike kalamu. Mkubwa akiandika ratiba, ratiba inakuwa yake. Epuka kuuliza "Kwa nini hukufanya?", kwa kuwa mara nyingi kijana hajui sababu na ataishia kujitetea. Muulize, "Ulikuwa wapi, na unafanya nini, wakati kazi hii ilipopaswa kuanza?" Swali hili humletea jibu la kufanyia kazi: alikuwa kitandani na simu, au daftari lilikuwa limebaki shuleni.

Hatua ya 2: Pimeni muda kabla ya kupanga

Hapa ndipo ratiba nyingi huharibika. Wanasaikolojia Daniel Kahneman na Amos Tversky walieleza mwaka 1979 kwamba watu hukadiria muda wa kazi kwa kiasi kidogo mno, hata wanapokumbuka kwamba kazi kama hiyo iliwahi kuwachelewesha. Kwa hiyo, kwa wiki moja kijana aandike makadirio kabla ya kila kazi, kisha aandike muda uliotumika kweli. Msichana mmoja wa miaka 15 niliyemsimamia alikadiria kwamba mada moja ya biolojia ingemchukua dakika 20. Saa ikaonyesha 50. Sikuhitaji kumwambia lolote. Aliitazama namba hiyo kwa muda, akafuta ratiba yote aliyokuwa ameiandika.

Hatua ya 3: Pangeni kuanzia siku ya mtihani kurudi nyuma

Mtihani wa msichana huyu ulikuwa baada ya siku 18, na mada zilikuwa 6. Kwanza tuliondoa siku zisizotumika: nne ambazo alikuwa na shughuli nyingine, na mbili tulizoziacha wazi kwa ajili ya kulipa kazi itakayokwama. Zikabaki siku 12. Kila mada ilipangiwa kupitiwa mara tatu: mara ya kwanza dakika 50, mara ya pili dakika 25 baada ya siku mbili au tatu, na mara ya tatu dakika 15 baada ya takriban wiki moja. Jumla ni dakika 90 kwa mada, yaani dakika 540 kwa mada zote, ambazo zikigawanywa kwa siku 12 ni wastani wa dakika 45 kwa siku. Kazi aliyokuwa akiiogopa ikawa na ukubwa unaojulikana.

Kuachanisha marudio namna hii kuna sababu: kumbukumbu hushika zaidi inaporudiwa baada ya kuanza kufifia. Ila kurudia kusiwe kusoma upya. Afunge kitabu, aandike anachokumbuka kwenye karatasi tupu, kisha afungue na kujisahihisha kwa kalamu ya rangi nyingine. Kijana mwerevu hupenda kusoma upya kwa sababu kila kitu humwonekea anakijua; karatasi tupu ndiyo inayomwonyesha anachokijua kweli.

Hatua ya 4: Andikeni mwanzo wa kazi, si jina la kazi

"Kudurusu biolojia" hakumwelezi mtu aanze na nini, na kijana anayeahirisha hukwama papo hapo. Mwanasaikolojia Peter Gollwitzer ameonyesha kwamba nia iliyofungwa kwenye wakati na mahali hutekelezwa zaidi kuliko nia ya jumla. Msichana wetu aliandika: "Nikishamaliza kuosha vyombo, nitakaa mezani, simu ikiwa chumba kingine, na nitachora jani na kuandika hatua za usanisinuru bila kutazama kitabu." Mwanzo huu uwe mdogo kiasi cha kumalizika ndani ya dakika tano.

Hatua ya 5: Tafuteni mahali vitu vinapopotelea

Kwa kawaida karatasi hupotea kengele inapolia, kijana anapoichomeka kwenye kitabu chochote kilicho karibu. Mpe faili moja kwa masomo yote, lenye mfuko wa kazi za kufanya na mfuko wa kazi za kurudisha. Kuwa na faili kwa kila somo huongeza tu idadi ya vitu vya kupoteza. Kanuni ni moja: hainuki kwenye kiti kabla karatasi haijaingia kwenye faili. Begi lifungwe usiku na likae mlangoni.

Mpango ukienda vizuri kwa wiki kadhaa mfululizo, punguza msaada kidogo kidogo, ukianza na ukumbusho wa kila siku na kuacha kikao cha wiki kiwe cha mwisho kuondolewa. Kosa la kawaida ni kuondoa kila kitu mara tu alama zinapopanda.

Maswali ya wanachama

*Mwalimu, mimi ni mama wa kijana kama huyu, na kila kikao chetu kinaishia kwenye ugomvi. Nifanyeje?*

Mama, mwachie mtu mwingine kikao hicho ikiwezekana: mjomba, shangazi, au mwalimu anayemwamini. Wewe baki na jambo moja tu, kwa mfano kukaa naye mezani ukifanya kazi yako kimya anapoanza kudurusu. Vijana wengi huanza kazi kwa urahisi zaidi wakiwa na mtu karibu, hata kama mtu huyo hasemi neno.

*Wangu alifuata ratiba siku tatu, kisha akaiacha kabisa. Je, nimpe adhabu?*

Hapana. Angalia kwanza siku ya nne ilikuwa na nini. Mara nyingi kijana hukosa kipindi kimoja, huona ratiba imeshaharibika, na huiacha yote. Ndiyo maana ya zile siku mbili zilizoachwa wazi: kipindi kilichokosekana kihamishiwe huko, na kesho iendelee kama ilivyoandikwa.

*Nitajuaje kwamba tatizo linahitaji daktari au mwanasaikolojia?*

Angalia lilianza lini na linaonekana wapi. Ikiwa kukosa umakini kulionekana kabla ya miaka 12, kumedumu kwa zaidi ya miezi sita, na kunamsumbua nyumbani na shuleni pia, apelekwe kupimwa, kwa kuwa huenda ni ugonjwa wa upungufu wa umakini, na kufundishwa kujipanga pekee hakutamtosha. Ikiwa aliyekuwa akijipanga vizuri amebadilika ghafla, uliza kwanza kuhusu usingizi, kwani kijana huhitaji saa 8 hadi 10 kwa usiku. Uliza pia kuhusu huzuni na yanayomsumbua shuleni. Katika hali hiyo ratiba isubiri.